Katika kisa hiki cha wazee wawili kwa kinyozi, ni nani anayeficha habari mbaya?

1. Mwandishi_wa_Usiku

Habari zenu wanajukwaa. Nimeandika kisa kifupi cha marafiki wawili wa tangu utotoni wanaotupiana matusi ya utani kwa kinyozi, huku mmoja wao akiwa ameficha habari mbaya. Nilikisoma mbele ya watu watatu. Wawili walisema anayeficha ni Hamadi, na wa tatu akaapa kwamba ni Zakaria. Nakiweka hapa chote. Naomba mniambie anayeficha ni nani, na ni mstari upi uliowafanya mjue.

*Kinyozi alikuwa amekwisha kumfunga Zakaria kitambaa shingoni na kuwasha mashine Hamadi alipoingia.*

*"Kijana, unapoteza umeme wako bure. Kichwa hicho kinahitaji kitambaa chenye maji, si mashine."*

*"Karibu, mdeni. Kwa jinsi ulivyopotea nilidhani umekufa, nikaanza kugawa viatu vyako."*

*"Viatu vyangu havikuingii. Miguu yako ilikua, akili ikabaki darasa la nne."*

*"Akili hiyo ndiyo uliyokuwa ukiichungulia kwenye mtihani wa hesabu."*

*"Ndiyo maana nilipata sifuri."*

*Kinyozi alicheka hadi akaiondoa mashine kichwani mwa mteja wake. Hamadi aliketi kwenye benchi, akavua kofia, kisha akaivaa tena.*

*"Wembe kama kawaida, mzee?" kinyozi aliuliza.*

*"Leo mashine tu."*

*"Umeanza kuuogopa wembe uzeeni?" Hamadi alisema.*

*"Siuogopi wembe. Naogopa mkono wa kijana huyu akicheka upuuzi wako."*

*Hamadi hakujibu. Simu yake iliita mfukoni, naye akaizima bila kuitazama.*

*"Mkeo huyo," Zakaria alisema. "Mwambie amekosea namba, mume aliyemtaka alikuwa mrefu."*

*Hamadi aliyatazama macho ya rafiki yake kwenye kioo kwa muda mrefu, bila Zakaria kujua kuwa anatazamwa.*

*"Mwanao wa mwisho hajambo?"*

*"Hajambo. Tangu lini unauliza hali ya watoto wangu kabla hujamaliza kunitukana?"*

*"Nauliza tu."*

*Kinyozi alizima mashine, akashika kioo kidogo nyuma ya kisogo. Zakaria hakuzitazama nywele zake.*

*"Amekunyoa vizuri," Hamadi alisema. "Umependeza."*

*Zakaria alinyamaza kidogo, kisha akamgeukia kinyozi. "Fanya haraka, kijana. Mtu huyu leo hayuko sawa."*

*Hamadi alikuwa amekwisha kusimama, ameshika koti la mwenzake tayari kumvisha.*

2. Mama_Wawili

Asante kwa kisa. Kwangu mimi ni Hamadi, na mstari wenyewe ni "Umependeza." Wazee hawa hawajapata kusifiana maisha yao yote, kwa hiyo sifa hiyo moja imenishtua kuliko ambavyo kilio kingenishtua. Nimerudi juu baada ya kuusoma, nikayaona mengine yote kwa jicho jipya.

3. Bw_Hesabu

Mbona jambo liko wazi? Zakaria amemwita mwenzake "mdeni" katika jibu lake la kwanza kabisa. Hamadi amekopa fedha nyingi, ameshindwa kulipa, na simu aliyoizima ni ya mtu anayemdai. Habari mbaya ni kwamba Zakaria alimdhamini, na sasa watakuja kuchukua mali yake. Mimi ningemshauri Zakaria adai maandishi kabla ya kulivaa hilo koti.

4. Mhariri_Mstaafu

Ndugu Bw_Hesabu, neno "mdeni" limo ndani ya tusi, na tusi la marafiki wa miaka mingi haliwezi kuchukuliwa kama ushahidi. Kama tungelichukulia hivyo, ingetubidi pia tuamini kwamba viatu vya Hamadi vimekwisha kugawiwa. Katika mazungumzo ya aina hii kilichosemwa ndani ya tusi hakina uzito mkubwa. Msomaji anapaswa kuangalia jinsi matusi yanavyopokelewa.

Tazameni mwanzo. Zakaria anataja viatu, na Hamadi analidaka neno lile lile la viatu kabla ya kumalizia na akili. Zakaria naye anaidaka akili na kuipeleka kwenye mtihani. Kila mmoja anaokota kitu alichotupiwa na kukirudisha kikiwa kizito zaidi. Hivi ndivyo wazungumzavyo watu wanaosikilizana kweli, na msomaji huuzoea mwendo huo upesi sana bila kujua kwamba ameuzoea.

Kisha Zakaria anatupa tusi la mkono wa kijana, na Hamadi hajibu. Anatupa jingine kuhusu mke, tusi zuri kuliko yote yaliyotangulia, na hilo nalo linaanguka sakafuni. Kabla ya hapo Hamadi hakuacha tusi hata moja la mwenzake bila jibu, na sasa ameacha mawili mfululizo. Mtu aliyekuwa na majibu ya haraka ameishiwa pale pale simu ilipoita. Kwa hiyo nakubaliana na Mama_Wawili kwamba ni Hamadi, lakini nadhani sikio la msomaji lilianza kujua mistari kadhaa kabla ya "Umependeza." Neno lile limethibitisha tu.

5. Mkasi_na_Wembe

Heshima kwenu wakubwa. Mimi ni kinyozi kwa kazi, mwaka wa 19 sasa, na nimesikitika kuona kwamba hakuna aliyeugusa wembe. Mteja aliyezoea kumaliziwa kwa wembe kwenye shingo na pembeni haachi hivi hivi. Wazee hasa hushikilia utaratibu wao, na ukibadilisha hata upande unaoanzia watakuuliza. Mzee wa namna hiyo akikuambia "leo mashine tu," kuna sababu.

Sababu ya kwanza huwa ni ngozi, yaani vipele au kidonda, lakini hilo mtu hulisema waziwazi na hata hukuonyesha mahali penyewe. Ya pili ni damu. Nimewahi kuwa na mteja aliyekuwa akitumia dawa za kuzuia damu isigande bila kunieleza. Nilimkwangua kidogo tu chini ya sikio, jambo ambalo kwa mtu mwingine shabu hulimaliza mara moja. Kwake niliishikilia pamba kwa muda mrefu kiasi kwamba mteja wa pili aliondoka. Tangu siku ile yeye mwenyewe akawa anasema "mashine tu," tena kwa sauti ile ile ya kupita juu ya jambo.

Kwa hiyo mimi nasema ni Zakaria. Mzee anaumwa, ugonjwa unahusu damu, na amekataa wembe mbele ya rafiki yake akiomba Mungu rafiki asiulize. Rafiki aliuliza, naye akaligeuza swali kuwa mzaha juu ya mkono wa kijana. Mhariri ameutazama mpira uliodondoka, lakini hakumtazama aliyeupiga kwa nguvu ili mwenzake asipate nafasi ya kuuliza tena.

6. Mhariri_Mstaafu

Ndugu Mkasi_na_Wembe, nakiri kwamba wembe ulinipita kabisa, na ninakushukuru. Nilidhani umewekwa pale ili kumpa Hamadi nafasi ya kutukana.

7. Nesi_wa_Zamu

Naomba niongeze na nipunguze kidogo hoja ya kinyozi wetu. Ni kweli kwamba mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hushauriwa atumie mashine ya umeme badala ya wembe, na ushauri huo huo hutolewa kwa anayepata dawa kali za saratani, kwa kuwa dawa hizo zinaweza kupunguza chembe zinazosaidia damu kuganda. Kwa hiyo dokezo la wembe ni sahihi kitabibu, na mwandishi anastahili pongezi ikiwa alilikusudia.

Lakini hapo hapo ndipo linapodhoofika. Mtu anaweza kutumia dawa za kuzuia damu kuganda kwa miaka mingi kwa sababu ya mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, akaenda kazini na kurudi kama kawaida. Hiyo ni hali ya kuangaliwa, na si lazima iwe habari mbaya. Kama mwandishi alikusudia saratani, basi akumbuke kwamba kwa dawa nyingi zinazodondosha nywele, nywele huanza kutoka wiki ya pili hadi ya nne baada ya dozi ya kwanza, ingawa si dawa zote zenye athari hiyo. Zakaria bado ana nywele za kunyolewa, na kinyozi hashangai chochote anapopitisha mashine. Huenda basi ndiyo kwanza ameanza tiba, au ameambiwa jana tu.

8. Kijana_wa_Taswira

Wakubwa zangu, mmekwenda mbali na kioo, nami naona kioo ndicho kisa chenyewe. Marafiki hawa hawatazamani uso kwa uso hata mara moja. Wanatazamana kwenye kioo, na kioo hugeuza kushoto kuwa kulia, kwa maana kwamba kila mmoja anamwona mwenzake kinyume. Mwandishi anatuambia kwamba tuigeuze picha nzima, kwamba anayeonekana kuficha ndiye anayefichwa.

Zaidi ya hayo, mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway alifundisha kwamba mwandishi aondoe kila jambo muhimu kwenye kisa, na msomaji atalihisi tu. Kwa hiyo swali la "nani" halina maana. Mwandishi hatakiwi hata kulijua jibu.

9. Fundi_Miwani

Nimekuwa msomaji wa kimya hapa kwa muda, lakini kioo kimenilazimisha niandike. Kwanza, watu wawili wanaoelekea kioo kimoja hawaonani kinyume kwa maana unayoisema. Sikio la Zakaria lililo upande wa dirisha litaonekana kwenye kioo likiwa upande ule ule wa dirisha. Mkanganyiko hutokea pale tu unapoifikiria taswira kama mtu mwingine aliyesimama akikuelekea wewe.

Pili, na hili ni kubwa zaidi kwa mwandishi, kisa kinasema Hamadi aliyatazama macho ya Zakaria kwenye kioo bila Zakaria kujua. Njia ya mwanga hupitika pande zote mbili. Ukiyaona macho ya mtu kwenye kioo, naye anaweza kuyaona yako kwenye kioo hicho hicho. Kwa hiyo Hamadi hakuwa na mahali pa kujificha pale kwenye benchi. Kama Zakaria alikuwa ameyafumbua macho na kuangalia mbele, alikuwa na nafasi kamili ya kumwona Hamadi akimtazama kwa muda mrefu.

10. Mhariri_Mstaafu

Fundi, umetupa zawadi. Ikiwa ni hivyo, basi sentensi ile si kosa la mwandishi peke yake. Inaweza kuwa kosa la msimulizi, ambaye anaamini Zakaria hajui, ilhali Zakaria ameona kila kitu na ameamua kunyamaza. Hapo maneno yake ya mwisho, "Mtu huyu leo hayuko sawa," yanakuwa ya mtu aliyekwisha kujua kwa muda mrefu kuliko tulivyodhani.

Kuhusu Hemingway, naomba nimsahihishe kijana wangu kwa upendo. Aliyoyaandika mwaka 1932 ni kwamba mwandishi anaweza kuacha mambo anayoyajua, na msomaji atayahisi kana kwamba yameandikwa, mradi mwandishi anaandika kwa ukweli wa kutosha. Alifananisha jambo hilo na siwa la barafu ambalo moja ya nane tu ndiyo huonekana juu ya maji. Lakini hapo hapo alionya kwamba anayeacha jambo kwa sababu halijui huacha mashimo matupu katika maandishi yake. Kwa hiyo mwandishi anatakiwa sana kulijua jibu. Mwandishi_wa_Usiku, je, unalijua?

11. Mwandishi_wa_Usiku

Ninalijua, na ninaomba mniruhusu nisiliseme bado. Lakini nakiri mawili. La kioo ni kosa langu, msimulizi hana hatia. Nilitaka Hamadi apate nafasi ya kumtazama mwenzake kwa huruma bila kuonekana, na sikufikiria macho yanapita wapi. Ningeweza kumwinamisha Zakaria wakati kinyozi ananyoa kisogo, lakini hapo Hamadi asingeyaona macho, angeona utosi tu. Sasa nafikiri utosi ni bora zaidi. La pili ni kwamba wembe niliuweka kwa makusudi, ingawa sikutegemea kinyozi halisi angeusoma.

12. Kijana_wa_Taswira

Nimesahihishwa, nami nimepokea. Utosi ni bora kweli. Mtu aliyeinamishwa kichwa mbele ya rafiki yake hana namna ya kujikinga.

13. Njia_Panda

Nimesita kuandika kwa sababu hili lilinipata. Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa nikamweleze rafiki yangu kwamba kaka yake amefariki katika ajali. Nilimkuta akicheza drafti, akaniita nimalizie mchezo naye, na kabla sijafungua mdomo alikuwa amekwisha kunitukana mara tatu. Nilimjibu. Nilikaa, nikapanga kete, nikamjibu tena. Sikuwa na ujasiri wa kunyamaza, kwa kuwa ningenyamaza tu angeuliza kuna nini, na hapo ningelazimika kusema mbele ya watu wanaocheka. Matusi yalikuwa yakininunulia dakika moja moja hadi watu waondoke.

Simu yangu iliita mara mbili, nami sikuipokea, kwa kuwa nilijua ni wale walionituma wakiuliza kama nimekwisha kusema. Kwa sababu hiyo niliposoma kwamba Hamadi aliizima bila kuitazama, sikuhitaji mstari mwingine. Mtu asiyejua anayempigia hutazama kwanza. Na swali la mwana wa mwisho ni njia ya kupima kama habari imekwisha kufika kwa mlango mwingine.

Baadaye rafiki yangu aliniambia kwamba alijua tangu nilipomwachia kete mbili zichukuliwe bila kubisha. Alinikasirikia kwa muda mrefu kwa sababu nilimchezesha. Mpaka leo sijui kama nilikosea.

14. Mama_Wawili

Pole sana, ndugu Njia_Panda. Ulimpa rafiki yako dakika chache za mwisho za kuwa mtu mwenye kaka. Sidhani kama hilo ni kosa, lakini naelewa hasira yake pia.

Kama wewe uko sahihi, basi koti linaeleweka. Hamadi amesimama na koti la mwenzake kwa sababu safari ya kwenda kwa yule mwana imekwisha kuamuliwa.

15. Mkasi_na_Wembe

Pole, ndugu yangu. Simu hiyo imenitikisa, siwezi kuficha. Lakini bado nauliza kuhusu wembe, kwa kuwa mwandishi amekiri kwamba uliwekwa kwa makusudi. Je, haiwezekani kila mmoja ana lake? Zakaria anaficha ugonjwa, Hamadi anaficha msiba, na wote wawili wanatumia matusi yale yale kama pazia, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake aliye nyuma yake.

16. Mhariri_Mstaafu

Inawezekana, lakini mimi kama mhariri ningeogopa. Kisa cha maneno machache kiasi hiki kikibeba siri mbili, msomaji atagawanya moyo wake nusu kwa nusu, na "Umependeza" itapoteza nguvu kwa sababu hatajua inaelekezwa kwa mgonjwa au kwa mfiwa. Ningeuondoa wembe, au ningemfanya Hamadi ajue kuhusu ugonjwa tayari, ili anaponyamaza baada ya "Siuogopi wembe" anyamaze kwa kuwa ametambua ameligusa jeraha wakati amekuja na jingine.

17. Nesi_wa_Zamu

Usiuondoe, tafadhali. Jamaa wengi huja kutuuliza, "Nimwambie leo au nisubiri apate nafuu?" Wembe ule unaeleza kwa nini Hamadi anachelewa kusema. Habari ya msiba kwa mtu mzima ni nzito. Kwa mtu ambaye wewe peke yako unajua kwamba ndiyo kwanza ameanza tiba, unaweza kukaa kwenye benchi hadi kinyozi afunge duka.

18. Bw_Hesabu

Nimesoma tena tangu mwanzo na nimeliacha lile deni langu. Lakini kuna jambo mmelipita nyote, pamoja na kinyozi. Hamadi aliketi, "akavua kofia, kisha akaivaa tena." Mtu ameingia kwa kinyozi, amekaa kwenye benchi la kungojea, na hanyolewi. Zakaria anapomaliza, Hamadi anasimama kuondoka naye bila hata kinyozi kumuuliza kama ni zamu yake. Nesi ametuambia nywele hutoka wiki ya pili hadi ya nne. Kichwa cha Zakaria tumekiona muda wote. Cha Hamadi tumekiona kwa sekunde moja, naye akakifunika.

19. Mkasi_na_Wembe

Mzee Bw_Hesabu, umenikamata katika kazi yangu mwenyewe. Mtu akikaa kwenye benchi na kofia kichwani, mimi humuuliza, "Na wewe, mzee?" Kinyozi wa kisa hiki hakuuliza. Ama hakuwa makini, ama aliona wakati kofia ilipovuliwa.

20. Njia_Panda

Lakini simu je? Na mwana wa mwisho?

21. Bw_Hesabu

Simu ni ya mke wake, kama Zakaria alivyosema kwa mzaha. Anataka kujua kama amekwisha kumwambia rafiki yake. Na mwana wa mwisho anaulizwa na mtu anayehesabu ni nani atakayemwangalia Zakaria, baada ya kutokuwepo mtu wa kumtukana.

22. Mwandishi_wa_Usiku

Nimesoma yote mara mbili. Kofia niliiandika ili mkono wa Hamadi uwe na kazi ya kufanya wakati ananyamaza, hakuna zaidi. Sasa siwezi kuiondoa na siwezi kuiacha kama ilivyo. Usiku huu naandika upya, Zakaria akiwa ameinama, na kinyozi nitampa nafasi ya kuuliza, "Na wewe, mzee?" Bado sijajua Hamadi atamjibu nini.